Bibi haoni mbali, lakini ameacha miwani ya kusomea: maswali kuhusu mtoto wa jicho

Kazi yangu ni uuguzi wa macho hapa Dar es Salaam. Kila asubuhi ya kliniki napima wazee walioletwa na watoto au wajukuu, na maswali ninayoulizwa pale kwenye benchi yanajirudia. Nimeyakusanya hapa. Mengi nitayajibu kwa kumrejea mzee mmoja, fundi cherehani wa Tandika mwenye miaka 69, ambaye nitamwita Bibi tu. Nimemchagua kwa sababu macho yake yalianza kuharibika kwa dalili ambayo familia nzima iliipokea kwa furaha.

Mtoto wa jicho ni nini hasa? Ni ule utando unaoonekana juu ya jicho?

Hapana, na kosa hili ndilo linalowapeleka wengi kwenye dawa zisizowahusu. Nyuma ya lile tundu jeusi la katikati ya jicho, tunaloliita mboni, kuna lenzi. Ni kitu kidogo kama kidonge, upana wake milimita 9 au 10 hivi na unene kama 4 au 5, na kwa kijana ni angavu kama maji. Lenzi hukunja mwanga unaoingia ili picha itue sawasawa kwenye retina, yaani ule utando wa ndani kabisa unaoipokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Lenzi hiyo ikipoteza uangavu wake, huyo ndiye mtoto wa jicho. Yuko ndani. Huwezi kumfikia kwa kidole, wala kwa kitambaa, wala kwa tone.

Viko vitu viwili vya juu ambavyo watu huvichanganya naye. Kimoja ni kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho, mara nyingi upande wa pua, kinachowapata sana watu wa jua, vumbi na upepo kama wavuvi na madereva wa bodaboda. Kingine ni mduara mweupe au wa kijivu unaozunguka ukingo wa sehemu ya rangi ya jicho. Karibu kila mzee anao kwa kiasi fulani. Ni mafuta yaliyotuama pembeni mwa konea, yaani kile kioo cha mbele kabisa ya jicho, na hayazuii kuona hata kidogo. Nimeshapokea mzee aliyewekewa dawa za kienyeji miezi mitatu kwa ajili ya mduara huo, huku tatizo lake la kweli likiwa mahali pengine.

Lenzi iliyokuwa safi miaka 60 inachafukaje?

Haichafuki. Hakuna uchafu unaoingia kutoka nje. Lenzi huzeeka yenyewe, na huzeeka kwa namna ambayo viungo vingine vya mwili havizeeki.

Ngozi hubanduka na kuota nyingine, damu hutengenezwa upya. Lenzi haitupi chochote. Inakua kama kitunguu, tabaka jipya likikaa juu ya la zamani, maisha yote. Tabaka za katikati kabisa ziliumbwa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo Bibi wa Tandika anatazama dunia kupitia kitu ambacho kiini chake kina umri kumpita yeye mwenyewe.

Ili mwanga upite bila kizuizi, seli za tabaka hizo zilivunjavunja karibu mitambo yote iliyomo ndani yake, hata kile kiini cha seli kinachoongoza utengenezaji wa protini. Lenzi haina mishipa ya damu pia, maana damu ingezuia mwanga. Ndizo gharama za uangavu: seli za katikati haziwezi kutengeneza protini mpya wala kutupa zilizochakaa. Protini za katikati mtu alizozaliwa nazo, anazitumia zile zile hadi kaburini.

Protini hizo huitwa kristalini, nazo ni karibu theluthi ya uzito wa lenzi. Kilichobaki karibu chote ni maji. Zimejipanga kwa kubanana, lakini kila moja imesimama peke yake, na ndiyo maana mwanga unapenya. Aina moja kati yake ina kazi ya ulinzi: ikiona mwenzake ameanza kulegea umbo, inamshika asigandamane na wengine. Ila walinzi hao nao hawaongezwi. Kadiri miaka inavyokwenda wanashikwa na kazi mmoja baada ya mwingine, hadi wanakwisha. Wakati huohuo, kuanzia umri wa makamo, kemikali inayozuia protini kuharibiwa na oksijeni hupungua nguvu ya kufika kwenye kiini cha lenzi, yaani sehemu yake ya katikati. Hapo ndipo protini zinaanza kushikana mafungumafungu.

Kama unatumia mafuta ya nazi umeshaona jambo linalofanana na hili. Asubuhi za Juni na Julai, kukiwa na kibaridi hapa Dar, chupa iliyokuwa angavu jana unaikuta imekuwa nyeupe. Hakuna aliyeongeza kitu humo. Ni mafuta yale yale, isipokuwa yameshikana, na mwanga badala ya kupita unagonga na kutawanyika. Tofauti ni moja, na ni kubwa: chupa ukiianika juani inarudi kuwa angavu. Protini za lenzi zikishashikana hazirudi. Ni kama ute wa yai ulioiva.

Pamoja na ukungu huo, kiini hubadilika rangi: manjano, kisha kahawia kama chai ya rangi. Na huwa kigumu zaidi. Ugumu huu ndio unaoleta jambo la swali linalofuata.

Mbona Bibi ameanza kusoma bila miwani? Si ina maana macho yanapona?

Natamani swali hili lingeulizwa mapema zaidi katika kila nyumba.

Bibi wa Tandika alitumia miwani ya kusomea ya +2.50 tangu miaka yake ya hamsini na kitu. Siku moja, miaka miwili kabla hajafika kwetu, alitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Akajaribu tena, akaweza. Wajukuu wakashangilia, jirani akasema ni ile dawa ya mizizi aliyompa. Miwani ikawekwa kabatini.

Kilichotokea ni hiki. Kiini cha lenzi yake kilipokuwa kikishikamana na kuwa kigumu, kilianza kuukunja mwanga kwa nguvu kuliko zamani. Lenzi inayokunja mwanga kupita kiasi inamfanya mtu aone karibu na kukosa mbali. Mtu akifikia kipimo cha −2.50, macho yake yanaona vizuri kabisa kitu kilicho sentimita 40 mbele yake, ambapo ndipo mtu anaposhika kitabu au kitambaa. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulimtengenezea miwani ya kusomea ndani ya jicho lake, ukamnyang'anya barabara.

Na kweli mbali kulikuwa kunamtoka. Kituoni Tandika alianza kusubiri konda apige kelele ndipo ajue daladala linakwenda wapi, kwa sababu maandishi ya mbele hakuyaona tena. Watu wakampita bila yeye kuwasalimu, wakadhani amekuwa na maringo. Mwanawe akamnunulia miwani ya mbali ya −1.50, ikamfaa. Baada ya miezi minane ikawa haifai, akapimwa upya, −2.75. Ikamfaa kidogo tu. Mara ya tatu fundi wa miwani akabadilisha vioo vyote alivyokuwa navyo, na hakuna kilichosafisha herufi.

Hiyo ndiyo njia ya kumtambua mtoto wa jicho wa aina hii: mzee anayeacha miwani ya kusomea, anayebadilisha miwani ya mbali mara kwa mara ndani ya muda mfupi, kisha anafika mahali ambapo miwani yoyote haitoshi. Miwani inarekebisha mkunjo wa mwanga. Haiwezi kuondoa ukungu.

Furaha ya kusoma nayo hudumu kwa muda. Kwa wengine ni miezi, kwa wengine mwaka au miwili. Ukungu ukizidi, hata karibu kunafifia.

Tunaweza kujua nyumbani kama ni mtoto wa jicho?

Mnaweza kushuku, si kujua. Nawapa majaribio matatu ninayoyaamini.

La kwanza: mfunike jicho moja moja. Mzee anapotazama kwa macho yote mawili, jicho zuri linalificha baya. Bibi alikuwa haamini kwamba jicho lake la kulia limefifia hadi nilipofunika la kushoto. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimezima taa.

La pili: chukua kadi ngumu, itoboe kwa pini tundu la kama milimita moja, mzee achungulie kalenda ukutani kupitia hilo tundu, jicho moja moja. Kama anaona wazi zaidi sana, sehemu kubwa ya tatizo ni miwani. Kama anaona vilevile au vibaya zaidi, kuna kitu ndani ya jicho. Bibi jicho la kulia alisoma 6/60, maana yake anasogezwa mita 6 ili aone kile ambacho jicho zima linakiona kwa mita 60. Kwa tundu akapanda hadi 6/36 tu. La kushoto lilitoka 6/36 hadi 6/18. Ukipima mtu mwenye kiini kilichoanza kukunja mwanga kupita kiasi utaona hivyo hivyo, anapanda kidogo kisha anakwama.

La tatu: simama mbele yake kwenye kivuli na umulike tochi ya simu kwa pembeni, sekunde chache. Mboni yenye afya ni nyeusi. Mtoto wa jicho aliyekwisha kwenda mbali huonyesha rangi ya kijivu, kahawia au nyeupe katikati ya mboni. Aliyeanza hamumwoni kwa tochi, kwa hiyo mboni nyeusi haitoshi kuwatuliza.

Kuona kufifia polepole, je, kila mara ni mtoto wa jicho?

La, na hapa naomba msome polepole.

Presha ya jicho nayo haiumi, nayo huja polepole, nayo huwapata wazee. Inaua mshipa unaobeba picha kwenda kwenye ubongo. Huanza kula pembeni: mzee anajikwaa kwenye ngazi, anagonga mlango, anamwaga kikombe kilicho kando yake, ilhali mbele anaona. Mboni yake ni nyeusi kama kawaida. Kilichopotea kwa mtoto wa jicho hurudi baada ya upasuaji. Kilichopotea kwa presha ya jicho hakirudi kamwe. Familia inayosema "ni mtoto wa jicho, tusubiri akomae" bila kupima presha, inaweza kuwa inasubiri upofu. Kisukari pia huharibu retina kimyakimya, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na hayo yote kwa pamoja.

Kuna kipimo kimoja ninachokithamini kuliko mashine nyingi. Mtoto wa jicho hata akiwa mweupe kabisa kama kioo cha bafuni, mgonjwa bado huhisi mwanga na hutambua unatoka upande gani. Ukimulika kutoka kushoto atakuambia kushoto. Mzee asiyehisi mwanga kabisa, au asiyejua unatokea wapi, ana ugonjwa mwingine nyuma ya lenzi, na kumfanyia upasuaji wa lenzi peke yake hakutampa macho.

Mtoto wa jicho hatokei kwa usiku mmoja. Kuona kukizimika ghafla, jicho likawa jekundu na kuuma, mzee akaona pazia linashuka au vimulimuli vinapiga, hilo ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa nini baba anaona vibaya zaidi mchana wa jua kali kuliko jioni?

Pengine ukungu wake uko mahali pengine kwenye lenzi. Kuna aina inayokaa kwenye sehemu ya nyuma ya lenzi yenyewe, katikati kabisa. Jua likiwaka mboni hujikaza, mwanga wote ukalazimika kupita kwenye doa hilo. Jioni mboni inapanuka, mwanga unapata njia ya pembeni. Aina hii humwangusha kwanza kwenye kusoma, inakwenda haraka kuliko ile ya Bibi, na inawapata hasa wenye kisukari na waliotumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu. Ipo na ya tatu, inayoanza pembeni kama mistari ya gurudumu la baiskeli na kuelekea katikati. Taa za magari usiku kumtawanyikia mtu machoni ni malalamiko ya aina zote.

Kuna matone, asali au mboga za kumwondoa?

Hakuna. Hakuna tone lililothibitishwa kumrudisha nyuma mtoto wa jicho wa mtu mzima. Karoti ni chakula kizuri, lakini protini zilizoshikana hazijui karoti. Asali, maji ya majani, maziwa ya mama na mkojo vinaweza kupeleka vijidudu kwenye konea, na konea ikipata kidonda na kovu, hata upasuaji mzuri wa lenzi hautaleta kuona kamili.

Kuna jingine linaloniuma zaidi, kwa kuwa linatoka duka la dawa. Mzee akilalamika macho, anauziwa matone yenye deksamethasoni au prednisoloni, mara nyingi yakiwa yamechanganywa na antibayotiki. Wekundu unaisha, mzee anayapenda, anaendelea nayo miezi. Dawa hizo ni steroidi. Zikitumika muda mrefu bila kusimamiwa, zenyewe huleta mtoto wa jicho na hupandisha presha ya jicho. Soma jina kwenye kichupa kabla hujamwekea mzee wako, na ukija kliniki kilete hicho kichupa.

Je, tusubiri akomae ndipo afanyiwe upasuaji?

Ushauri huo ulikuwa na maana zamani, wakati lenzi ilitolewa nzima na mgonjwa akaishi na miwani minene kama chini ya glasi. Faida ilikuwa ndogo, kwa hiyo walisubiri hadi asione kabisa. Sasa lenzi ya bandia inawekwa palepale, na wakati mzuri ni pale ukungu unapomzuia kufanya anachokihitaji. Dereva atafika mapema kuliko mzee anayekaa barazani. Jibu liko kwenye maisha yake.

Kusubiri mno kuna hatari zake. Kiini kinakuwa kigumu kama kokwa, kukitoa kunahitaji nguvu zaidi ndani ya jicho. Mwingine lenzi yake hunywa maji na kuvimba, ikaziba njia ya maji ya jicho. Mwingine lenzi iliyoiva kupita kiasi huvuja. Vyote viwili hupandisha presha ghafla. Mzee aliyekuwa "ana mtoto wa jicho tu" anaamka na jicho jekundu, kichwa kinapasuka, anatapika. Jicho hilo likicheleweshwa siku kadhaa linaweza kupotea kabisa.

Upasuaji wenyewe ukoje? Ni kweli jicho linatolewa nje?

Jicho halitoki mahali pake hata kidogo. Hofu hii imewaweka wazee wengi gizani, nami huwa naijibu kwanza kabla ya swali lolote.

Kabla ya siku yenyewe tunapima mambo mawili: mviringo wa konea na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma. Hivyo viwili ndivyo vinavyotuambia lenzi ya bandia iwe na nguvu kiasi gani. Tunapima pia presha ya jicho, presha ya damu na sukari.

Siku yenyewe mboni inatanuliwa kwa matone, jicho linapigwa ganzi, mgonjwa yuko macho. Kwa njia inayotumika sana kwetu daktari anafungua mlango mdogo kwenye weupe wa jicho, wa kama milimita 6 au 7, uliokatwa kwa mshazari ili ujifunge wenyewe bila nyuzi. Lenzi imevikwa kifuko chembamba mno. Daktari anafungua mbele ya kifuko hicho, anatoa kiini, anaosha mabaki laini, na kukibakiza kifuko. Ndani ya kifuko hicho anaiweka lenzi mpya. Kwa mkono uliozoea, jicho lisilo na shida nyingine huchukua kama dakika 15 hadi 30. Ipo na njia ya mashine inayosaga kiini kwa mawimbi ya sauti na kukifyonza kupitia tundu dogo zaidi. Mwanga wa leza unaosimuliwa mitaani si unaomtoa mtoto wa jicho katika njia hizi mbili.

Lenzi ya bandia haiozi wala haibadilishwi kila baada ya miaka. Ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley, aliyekuwa ametambua kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila jicho kuvikataa.

Baada ya upasuaji atasoma bila miwani kama sasa?

Hili liulizeni kabla, si baada. Wazee waliopata ile neema ya kusoma bila miwani ndio wanaohuzunika zaidi wasipoelezwa. Lenzi ya kawaida ya bandia ina nguvu moja tu. Ikiwekwa ya kuona mbali, mzee ataona daladala, lakini sindano itamhitaji miwani.

Kwa Bibi, vipimo vya jicho la kulia vilionyesha kwamba lenzi ya nguvu 21.0 ingempa mbali. Ili abaki na karibu, kwa sentimita 40, ilihitajika kama 24.5. Nilimwamkia, nikakaa naye na mwanawe, nikawaeleza yote mawili. Mwanawe alitaka mbali, kwa ajili ya barabara. Bibi akasema, "Mwanangu, barabarani natoka mara mbili kwa wiki. Kwenye cherehani nakaa kila siku." Daktari akakubaliana naye, kwa sababu nyingine pia: jicho lake la kushoto lilikuwa na −2.50, na macho mawili yakitofautiana sana kipimo, miwani inakuwa shida kuvaa. Akawekewa ya karibu, na miwani ya mbali kwa ajili ya kutoka. Angekuwa dereva, ningetetea ile nyingine.

Baada ya hapo tuangalie nini?

Matone kwa wiki nne hadi sita kama mlivyoelekezwa, mkono ukinawa sabuni kabla. Kinga ya jicho wakati wa kulala, asijikandamize. Kuwasha kidogo na machozi siku za mwanzo ni kawaida.

Kisicho kawaida ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au kuona kulikokuwa kumefunguka kukaanza kufunga tena, hasa wiki ya kwanza. Hiyo inaweza kuwa maambukizi ndani ya jicho. Hutokea mara chache, lakini hayasubiri asubuhi. Rudini saa hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni kesho.

Baada ya miezi au miaka, kuona kunaweza kufifia tena taratibu. Mtoto wa jicho harudi, maana lenzi yenyewe haipo. Ni kile kifuko kilichobakizwa kimeingia ukungu nyuma. Hapa sasa ndipo leza inapohusika: dakika chache, bila kisu.

Anaweza kuzuiwa?

Umri hauzuiliki. Kumharakisha kunazuilika kwa kiasi: sukari idhibitiwe, sigara iachwe, kofia pana au miwani ya jua kwa wanaoshinda nje, na steroidi zitumike kwa usimamizi tu.

Tuanzie wapi Dar es Salaam?

Anzieni kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa: Amana, Temeke au Mwananyamala, mkiuliza kliniki ya macho. Muhimbili na CCBRT kule Msasani hufanya upasuaji huu. Nendeni na miwani yote ya zamani, hata ile iliyovunjika, kwa sababu namba zake zinasimulia historia ya jicho. Bebeni dawa zote anazotumia. Kwa mwenye bima, ulizeni kabla kama inalipia na lenzi, si upasuaji peke yake. Mzee asiendeshe siku hiyo, maana matone ya kutanua mboni humtia ukungu kwa saa kadhaa.

Kwa nini rangi zinamwonekea tofauti baada ya upasuaji?

Kwa sababu alikuwa anatazama kupitia kioo cha kahawia bila kujua. Kiini kilichogeuka rangi humeza hasa mwanga wa bluu, na kwa kuwa kinabadilika polepole kwa miaka, ubongo unazoea. Bluu iliyokoza na nyeusi vinakuwa kitu kimoja. Nyeupe inakuwa kama chai ya maziwa, na mzee anaiona kuwa nyeupe. Jicho moja likishafanyiwa upasuaji, anaweza kulinganisha mwenyewe kwa kufunika moja moja.

Bibi alirudi wiki moja baadaye akiwa na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na sketi tatu za shule za bluu, alizozishona miezi iliyopita na ambazo wateja hawakuzifuata. Akaziweka mezani, akafunika jicho la kushoto, akanionyesha mshono. Alikuwa amezishona zote kwa uzi mweusi. Mkoba wake ulikuwa na kifumulio na kibunda kipya cha uzi wa bluu, na wakati anasubiri zamu yake ya kuonana na daktari, alikuwa keshafumua sketi ya kwanza.